UZI: Zabuni ilituonyesha mboji ya mita 2, tukakuta mita 6. Mhandisi amekataa dai, bosi anataka notisi ya mgogoro iondoke Ijumaa

Kipimo_Kigezi

Wadau, habari za kazi. Mimi ni mkadiriaji majenzi upande wa mkandarasi, barabara moja huku Kigezi. Mkataba ni Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999, pamoja na Masharti Maalumu ya mteja. Naweka mambo yalivyo, mnisaidie kabla bosi hajasaini barua ya kutuchoma.

Barabara inakatiza kinamasi cha mafunjo, upana wake mita 200, kuanzia 14+200 hadi 14+400. Katikati kuna kalavati la boksi. Taarifa ya udongo tuliyopewa kwenye zabuni ilikuwa na matundu mawili ya uchunguzi, 14+210 na 14+390. Yote mawili yalionyesha mboji ya mita 2, chini yake udongo mgumu wa mfinyanzi. Jedwali la bei likaweka meta za ujazo 8,000 za kuchimba udongo mbovu na kujaza mawe, yaani mita 200 kwa upana wa mita 20 kwa kina cha mita 2. Sisi tukaweka siku 20 kwenye ratiba, kwa meta za ujazo 400 kwa siku.

Tulipofika katikati, mboji ilikwenda hadi mita 6. Wastani wa kinamasi kizima ukatoka mita 5. Tumechimba na kujaza meta za ujazo 20,000, siku 50 za kazi.

Tarehe zenyewe ni hizi. Machi 11 kijiko kilizama hadi kwenye kabini, tukasimamisha kazi. Machi 14 tukapima kina pamoja na mkaguzi wa Mhandisi. Machi 20 jambo likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao cha saiti, pande zote zikasaini. Aprili 7 tukapeleka notisi rasmi kwa mkono, muhuri wa kupokea upo. Dai kamili tumelipeleka: siku 65 na shilingi bilioni 1.9.

Mhandisi amekataa lote. Anasema, kwanza, notisi imechelewa. Pili, mafunjo yanaonekana kwa macho, kwa hiyo mboji ilitarajiwa. Tatu, kiasi kilichoongezeka tumeshalipwa kwenye hati za malipo kwa kupimwa.

Bosi anataka notisi ya mgogoro Ijumaa na kichwa cha habari "Tunakwenda kwenye usuluhishi". Tufanyeje?

Injinia_Mbarara

Pole ndugu. Hapo la kwanza halina nguvu hata kidogo. Notisi mmepeleka Aprili 7. Mhandisi alikuwa na siku 14 za kuwaandikia kwamba imechelewa. Asipoandika, notisi inahesabika kuwa halali. Angalieni kama aliandika ndani ya siku hizo. Kama hakuandika, mmemaliza.

MamaVifungu

Injinia, hiyo ya siku 14 ipo, lakini ipo kwenye toleo la 2017, kifungu cha 20.2. Mwenzetu amesema mkataba wake ni wa 1999. Kwenye 20.1 ya 1999 hakuna kitu kama hicho. Kuna siku 28 tu, na mwenye kuchelewa anapoteza muda na fedha, mteja anakuwa huru. Msimpe bosi silaha isiyopiga.

Kipimo, swali moja kabla sijaenda mbali. Siku 28 hazianzi siku uliyoanza kuumia. Zinaanza siku mkandarasi alipojua tukio, *au alipopaswa kujua*. Kutoka Machi 11, siku ya 28 ni Aprili 8, kwa hiyo Aprili 7 mko ndani kwa siku moja. Mhandisi anasema mmechelewa kwa hesabu ipi? Lazima ana tarehe nyingine mkononi.

Kipimo_Kigezi

Ndiyo Mama, anayo. Machi 2 mpima ardhi wetu alipita kinamasi chote na fimbo ya chuma kuweka alama za tuta. Kwenye karatasi yake ameandika kwamba 14+300 fimbo ya mita 4 ilizama yote bila kugonga kitu. Mkaguzi alikuwepo na akasaini. Hatukuichukulia kama jambo, maana ilikuwa kazi ya kuweka alama tu. Mhandisi anahesabu kuanzia hapo, siku 28 zinaishia Machi 30.

SaitiBoi

Hiyo karatasi si ipotee tu? Karatasi saiti zinalowa kila siku.

MamaVifungu

Ipotee wapi wakati mkaguzi ana nakala yake? Mkandarasi akikutwa ameficha rekodi moja, hata zile elfu za kweli zinatiliwa shaka. Karatasi hiyo iingie kwenye dai lenu ninyi wenyewe, mapema, na maelezo yake.

Maelezo yapo. Fimbo kuzama mita 4 sehemu moja kunaonyesha kuna kitu laini pale, lakini hakusemi ni mboji, wala inafika wapi, wala ina upana gani. Inaweza kuwa tope la mto wa zamani la upana wa mita 5. "Kupaswa kujua" kunahitaji kiwango fulani cha ujuzi, na mnaweza kusema kwa haki kwamba mkandarasi makini angepata ujuzi huo Machi 11, au hata Machi 14 mlipopima kwa pamoja. Je, Bodi ya migogoro itakubali? Mimi naona mna nafasi nzuri, ila si ya uhakika. Fimbo ya mita 4 dhidi ya mboji ya mita 2 iliyoandikwa kwenye zabuni, mtu mkali atauliza kwa nini hamkushtuka.

Injinia_Mbarara

Sawa Mama, nakubali kwenye toleo. Lakini muhtasari wa Machi 20 je? Umeandikwa, umesainiwa na Mhandisi Mkazi, na uko ndani ya Machi 30. Hiyo ni notisi tosha.

MamaVifungu

Hapo una hoja nusu, na ni nusu nzuri. Toleo la 1999 halidai notisi iwe na jina la notisi juu yake, tofauti na la 2017. Linadai iwe kwa maandishi, ieleze tukio, na ifikishwe kwa njia zilizotajwa kwenye 1.3. Sasa muhtasari umeandikwa na nani? Kama Mhandisi Mkazi ndiye aliyeandika na kuwagawia, mteja atauliza ni lini ninyi mlimpa notisi, maana yeye ndiye aliyewapa karatasi. Na je, unasema mkandarasi anakusudia kudai, au unasema tu "kina kimezidi, mkandarasi anaendelea"? Hebu tuwekee mstari wenyewe.

Kipimo_Kigezi

Uliandikwa na karani wa Mhandisi Mkazi. Mstari unasema: "Mkandarasi ameripoti kwamba kina cha udongo mbovu 14+260 hadi 14+340 kimezidi kilichoonyeshwa kwenye taarifa ya zabuni, na kwamba hali hii itaathiri ratiba na gharama. Mhandisi atatoa maelekezo ya namna ya kujaza."

MamaVifungu

"Itaathiri ratiba na gharama." Huo mstari ni dhahabu, utumieni. Lakini utumieni kama hoja ya pili. Hoja ya kwanza ni Machi 11 na notisi ya Aprili 7. Hoja ya pili, endapo Bodi itaona siku zilianza Machi 2, ni kwamba maandishi ya Machi 20 yalitimiza kusudi la notisi. Mkiugeuza muhtasari kuwa hoja ya kwanza, mtakuwa mmekiri tarehe ya Machi 2 kimyakimya.

Kumbukeni pia 4.12, kifungu cha hali ya ardhi isiyotarajiwa, ina notisi yake: inataka mweleze hali yenyewe ili Mhandisi aweze kuja kuikagua, na mseme kwa nini mnaona haikutarajiwa. Barua ya Aprili 7 ilisema hayo yote, au ilisema tu "tunahifadhi haki zetu"?

Kipimo_Kigezi

Ilieleza hali na vipimo vya Machi 14. Sababu za kutotarajiwa ni sentensi moja: "haikuonekana kwenye taarifa ya zabuni."

Wakili_Kololo

Naingia hapo hapo, maana sentensi hiyo ndiyo mahali madai mengi ya ardhi yanafia. Kuna kesi ya Gibraltar, mkandarasi Obrascon dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Gibraltar, mahakama ya Uingereza 2014, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono 2015. Ilikuwa barabara na handaki chini ya njia ya ndege, Kitabu cha Njano cha 1999. Mkandarasi alidai udongo wenye sumu ulikuwa mwingi kuliko taarifa ilivyoonyesha. Alishindwa. Jaji alisema mkandarasi mzoefu hasomi taarifa ya udongo na kuchukua kiasi chake kama kikomo. Anatumia akili yake, anaangalia historia ya eneo, anaweka nafasi ya kuzidi.

Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Uganda wala msuluhishi wa hapa, ila upande wa mteja wataileta mezani, msidhani hawaijui. Na hapa Uganda watakuwa na maneno ya kuongeza. Watasema barabara ya kuzunguka Kampala upande wa kaskazini imepita Lubigi, na ile ya kulipia ya Entebe imebidi ijengewe daraja la zaidi ya kilomita moja kwenye kinamasi cha Nambigirwa. Nani mkandarasi mzoefu wa nchi hii asiyejua kinamasi ni nini? Kigezi nako mabonde yote yana mafunjo.

BwanaMatofali

Samahani wakuu, naomba kuingilia. Mimi najenga nyumba yangu upande wa Gulu. Fundi amekuta mwamba kwenye msingi, anadai milioni 3 zaidi. Je, naweza kumwambia alete notisi ndani ya siku 28? Amechelewa, ilikuwa mwezi wa nane.

MamaVifungu

Bwana Matofali, FIDIC haikuhusu mpaka muwe mmeiandika kwenye mkataba wenu. Ninyi mna nini, karatasi moja yenye saini? Angalia mlikubaliana bei ya jumla au bei kwa kipimo, na kama mliandika lolote kuhusu mwamba. Kama hakuna neno, kaeni na fundi mpimiane huo mwamba pamoja kabla haujafukiwa, halafu mjadili bei. Fungua uzi wako, watu watakusaidia vizuri zaidi.

Wakili amesema kweli, na kwa hiyo dai likisema "mboji haikutarajiwa" limekufa. Mtu yeyote mwenye macho anaona mafunjo, na mafunjo yanaota kwenye mboji. Mboji ilitarajiwa. Kisichotarajiwa ni *kina*. Simulizi yote ya dai ijengwe juu ya kina peke yake. 4.12 yenyewe inamtaka Mhandisi aamue kama hali haikutarajiwa *na kwa kiasi gani*. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo mlango wenu.

Kwa hiyo jiulizeni swali linalouma: mkandarasi mzoefu, akiwa na matundu mawili pembeni mwa bonde, mita 10 tu kutoka ukingoni kila upande, angetarajia katikati kuna nini? Bonde lina umbo la bakuli. Pembeni mita 2, katikati lazima iwe zaidi. Mkisema mlitarajia mita 2 kila mahali, mtaonekana hamna uzoefu. Mkisema mzoefu angeweka wastani wa mita 3, mtasikilizwa.

Kipimo_Kigezi

Lakini Mama, jedwali la bei lilikuwa na 8,000. Mteja mwenyewe na msanifu wake walitarajia mita 2. Sisi tungejuaje zaidi ya msanifu aliyekaa na eneo mwaka mzima?

MamaVifungu

Hiyo ndiyo hoja yenu kubwa kuliko zote, na naona imefichwa kurasa za mwisho. Iwekeni mbele. Msanifu alikuwa na muda na vifaa vya kuchimba, ninyi mlikuwa na wiki chache za zabuni. 4.10 inawatwika kazi ya kutafuta taarifa, lakini kwa kiwango kinachowezekana ukizingatia muda na gharama. Mwandike: muda wa zabuni ulikuwa wiki ngapi, mlitembelea saiti lini, je kulikuwa na njia ya kuingiza mashine ya kuchimba tundu katikati ya mafunjo, je mteja angeruhusu. Kama mliuliza swali lolote kwenye kikao cha wazabuni kuhusu kinamasi, jibu lake liingie. Na karatasi zenu za kukokotoa bei wakati wa zabuni: 4.12 inamruhusu Mhandisi kuangalia ushahidi wa mlichotarajia. Kama mliweka mita 2 na akiba kidogo, toeni. Kama mliweka mita 3, toeni pia, maana inaonyesha mlikuwa makini.

Gibraltar haiwazuii hapo. Kule mkandarasi alikuwa na dalili nyingi za kihistoria za kumwonya. Hapa dalili mlizokuwa nazo zilisema mita 2 na udongo mgumu chini yake, mahali pawili.

Sasa hesabu ya siku. Hizo 65 zimegawanyikaje?

Kipimo_Kigezi

30 za kuchimba kina cha ziada, 50 kutoa 20. 15 za mvua ya Machi hadi Mei. 14 za kusubiri maelekezo ya Mhandisi kama tujaze mawe au tutandike kitambaa cha kutenganisha udongo. 6 ekskaveta ya mkono mrefu ilikuwa imeharibika pampu ya haidroliki.

MamaVifungu

Sita ziondoke leo. Mashine yenu kuharibika si hali ya ardhi, na kuiacha humo kunamfanya msomaji ashuku zilizobaki.

Mvua: 4.12 imetoa hali ya hewa nje. Kifungu cha 8.4 kinatoa muda kwa hali ya hewa mbaya isiyo ya kawaida, bila fedha, na mvua ya Machi hadi Mei Kigezi ni jambo la kawaida kama kiazi. Msipokuwa na rekodi za miaka ya nyuma zinazoonyesha mwaka huu ulizidi sana, ondoeni. Lakini tofautisheni: mvua ni hali ya hewa, *maji ya chini ya ardhi* yaliyojaa shimo ni hali ya ardhi, na 4.12 inayataja. Kama kuna siku kazi ilisimama kwa sababu maji yaliingia kutoka kwenye kuta za shimo la mita 6 na si kutoka mbinguni, hizo zirudishwe kwenye fungu la kwanza, siku kwa siku, kwa karatasi.

Kumi na nne za kusubiri maelekezo ni hadithi nyingine. Kuna 1.9, ya maelekezo yaliyochelewa, ambayo inataka mkandarasi awe ametoa notisi yake mapema akieleza anahitaji maelekezo gani na kwa lini. Mlitoa?

Kipimo_Kigezi

Kulikuwa na barua pepe moja ya meneja wa mradi, Machi 16. Na ujumbe wa wasapu mwingi.

MamaVifungu

Wasapu si njia ya mawasiliano ya mkataba mpaka Kiambatisho cha Zabuni kiseme hivyo. Inasaidia kuthibitisha nini kilitokea siku gani, basi. Barua pepe, angalieni kama mfumo huo umekubaliwa kwenye Kiambatisho. Kama umekubaliwa, wekeni siku 14 kama kichwa kinachojitegemea chini ya 1.9, na mseme, kwa hoja ya pili, kwamba ni sehemu ya athari za hali ya ardhi. Msizichanganye.

Zimebaki 30. Nazo zipangwe kwa ngazi. Kama Bodi itakubali mlitarajia mita 2, ni 50 kutoa 20, siku 30. Kama itasema mzoefu angetarajia mita 3, basi meta za ujazo 12,000 zilitarajiwa, hizo ni siku 30 za kazi, na ziada isiyotarajiwa ni siku 20. Wekeni hesabu zote mbili ndani ya dai. Bodi ikikosa ngazi ya kati itachagua ya chini kabisa, ambayo ni sifuri.

Na mwonyeshe kwamba siku hizo zilisogeza siku ya kumaliza mradi wote. Kama tabaka za lami zilikuwa hazitafika 14+200 mpaka Agosti hata hivyo, siku 30 za kinamasi hazikuchelewesha kitu.

Kipimo_Kigezi

Hapo tuko salama. Kinamasi kilikuwa kinazuia magari ya kokoto kupita kwenda upande wa pili, hakuna njia nyingine. Kila kitu baada ya 14+400 kilisubiri.

MamaVifungu

Basi huo uwe mchoro mmoja, ukurasa mmoja, ratiba iliyoidhinishwa juu na ilivyokuwa chini. Msiandike kurasa nane kuhusu hilo.

Injinia_Mbarara

Na fedha je? Hoja ya tatu ya Mhandisi ya kwamba wameshalipwa. Mimi naona hiyo ni ujanja. Hati za malipo ni kazi, dai ni fidia.

MamaVifungu

Si ujanja, Injinia. Hapo Mhandisi ana haki zaidi kuliko mahali pengine popote. Kitabu Chekundu ni mkataba wa kupima. Jedwali likisema 8,000 na mkachimba 20,000, mnalipwa 20,000 kwa bei ya jedwali, hata bila dai. Kipimo, bei zenu ni ngapi?

Kipimo_Kigezi

Kuchimba shilingi 18,000 kwa meta moja ya ujazo, kujaza mawe 95,000. Ziada ya 12,000 imeingia yote kwenye hati mbili za malipo. Ni shilingi bilioni 1 na milioni 356.

Bilioni 1.9 ya dai imejumuisha kukodi ekskaveta, dizeli, malori, gharama za saiti siku 65, na faida asilimia 10.

MamaVifungu

Ekskaveta, dizeli na malori viko ndani ya ile 18,000 na 95,000. Mmedai mara mbili. Faida nayo iondoke, 4.12 inatoa gharama tu. Mkiyaacha hayo, mwanasheria wa mteja atasimama mbele ya Bodi na kuanza na kurasa hizo, na siku nzima itaisha kabla hamjafika kwenye kina.

Kinachobaki kwenye 4.12 ni kile ambacho bei za jedwali haziwezi kulipa: gharama za saiti kwa muda ulioongezeka, pampu za maji ambazo kina cha mita 2 kisingezihitaji, na mashine za kikosi cha lami zilizokaa bila kazi, kwa masaa yaliyosainiwa na si kwa bei ya kukodi iliyokadiriwa ofisini. Gharama zenu za saiti kwa siku ni ngapi, kwa vitabu vya hesabu?

Kipimo_Kigezi

Milioni 14 kwa siku, na mishahara na kambi na magari ya Mhandisi yamo. Vitabu vipo.

MamaVifungu

Siku 30 ni milioni 420. Siku 20 ni milioni 280. Sasa, angalieni bei za jedwali zilivyojengwa. Kama gharama za saiti zina vipengele vyao vya peke yao mwanzoni mwa jedwali, sawa. Kama mlizitawanya ndani ya bei za kazi, tuseme asilimia 10, basi ile bilioni 1.356 imeshawalipa karibu milioni 135 za saiti, na Mhandisi atakata. Afadhali mkate wenyewe na kuonyesha hesabu.

Na kama kuchimba kwa mita 6 kwa mkono mrefu kumegharimu zaidi ya 18,000 kwa kila meta, hiyo ni mada ya kifungu cha 12.3, bei mpya kwa kipengele kilichobadilika sana kiasi. Kina masharti yake na yote lazima yatimie, la kwanza kiasi kuzidi asilimia 10. Ninyi mmezidi asilimia 150. Fungueni kichwa hicho kivyake.

Wakili_Kololo

Kuna jambo dogo msisahau. 4.12 inampa Mhandisi ruhusa ya kuangalia kama sehemu nyingine za kazi zinazofanana ardhi ilikuwa nzuri kuliko ilivyotarajiwa, akazipunguza kwenye dai lenu. Mna kinamasi kingine kwenye barabara hiyo?

Kipimo_Kigezi

Kipo kimoja, 22+600. Huko tulikuta mboji ya mita 1.5 na zabuni ilisema 2.

Wakili_Kololo

Basi wekeni hesabu yake tayari. Hawajaitaja, lakini wataitaja.

Kuhusu barua ya Ijumaa. Kichwa "Tunakwenda kwenye usuluhishi" si sahihi. Kwenye 1999 njia ni: Bodi ya migogoro chini ya 20.4, ina siku 84 za kuamua. Upande usioridhika unatoa notisi ya kutoridhika ndani ya siku 28 baada ya uamuzi, la sivyo uamuzi unakuwa wa mwisho. Halafu siku 56 za kutafuta maelewano, ndipo usuluhishi. Masharti Maalumu yenu yanasemaje?

Kipimo_Kigezi

Yameongeza hatua: upande unaolalamika utoe notisi ya mgogoro kwa mwingine, wakuu wakutane ndani ya siku 14, wakishindwa ndipo Bodi. Usuluhishi ni Kampala chini ya sheria ya Uganda ya 2000. Na Bodi... haijawahi kuteuliwa. Mteja alisema ni gharama.

Wakili_Kololo

Hilo la Bodi lisitumike kama njia ya mkato. Kuna 20.8 inayoruhusu kwenda moja kwa moja kama hakuna Bodi, lakini ukiikimbilia bila kujaribu kuiteua, mteja atapinga mamlaka ya msuluhishi na mtapoteza mwaka. Kwenye barua hiyo hiyo pendekezeni mjumbe, mpeni muda, na akikataa nendeni kwa mteuzi aliyetajwa kwenye Kiambatisho chini ya 20.3. Fanyeni yote mawili sambamba.

Nimeandika kiini cha notisi, nyie mtaiweka kwenye lugha ya mkataba:

*"Kwa Mwajiri, nakala kwa Mhandisi. Hii ni notisi ya mgogoro chini ya Masharti Maalumu. Mgogoro ni juu ya uamuzi wa Mhandisi uliokataa dai letu la hali ya ardhi isiyotarajiwa, 14+200 hadi 14+400. Yanayobishaniwa ni matatu: kama notisi ya Aprili 7 ilikuwa ndani ya muda, kama, na kwa kiasi gani, kina cha mboji hapo hakikutarajiwa na mkandarasi mzoefu, na gharama ambazo hazikulipwa kwa kupima. Tunadai nyongeza ya siku 30, au siku 20 kwa hoja ya pili, pamoja na gharama kama zilivyo kwenye dai lililorekebishwa lililoambatishwa. Madai chini ya 1.9 na 12.3 yanaendelea kivyake. Tunaomba wakuu wakutane ndani ya siku 14. Tunapendekeza mjumbe wa Bodi kama ilivyo kwenye kiambatisho. Kazi inaendelea."*

Sentensi ya mwisho msiifute. Na msiweke hasira humo, wala neno juu ya tabia ya Mhandisi Mkazi.

Injinia_Mbarara

Mimi bado sikubali kupunguza kutoka 65 hadi 30 kabla ya kukutana na wakuu. Ukianza na 30 utatoka na 10. Mezani watu hukata nusu, hiyo ndiyo Uganda.

MamaVifungu

Mezani na mkurugenzi labda. Mbele ya Bodi, hapana. Na dai mlilopeleka mezani ndilo litakalokwenda kwa Bodi, huwezi kuwa na mawili. Lakini hilo aamue bosi wake.

Kipimo_Kigezi

Asanteni sana wote. Nimempelekea bosi hesabu mpya. Amekubali kuondoa siku 6 na faida, kwenye mvua anagoma, anasema alishuhudia mwenyewe. Nimemwambia alete rekodi za kituo cha hali ya hewa.

Mpima ardhi wetu nimempata. Anasema Machi 2 alimwambia mkaguzi "hapa kuna shimo la zamani la samaki" ndiyo maana hawakushtuka. Mkaguzi anakumbuka?

MamaVifungu

Usimuulize kwa simu. Mwandikie mpima maelezo yake sasa hivi, asaini, kabla ya mtu kumkumbusha vinginevyo. Kisha uangalie kama kulikuwa kweli na bwawa la samaki pale. Wenyeji watajua, na picha za satelaiti za miaka ya nyuma zitaonyesha. Ukilipata hilo bwawa, hoja yenu ya Machi 2 inabadilika kabisa. Ila litakuwa na upande wake mbaya: mteja atasema bwawa lilionekana na mlipaswa kuliuliza wakati wa zabuni.

Kipimo_Kigezi

Kesho asubuhi naenda 14+300 na mwenyekiti wa kijiji.